Kompyuta ya Wanawake

Tangu iingie nyumbani kwangu, kompyuta yangu haijaguswa na mwanamume, na anayetaka kucheka acheke. Mimi, Mwanaasha, ninapiga video za harusi hapa Palma, upande wa wanawake tu. Wanaume wana wapigaji wao, vijana wa miwani ya jua wanaorusha drone juu ya msikiti. Mimi naingia kule ambako wao hawafiki, mashungi yanapovuliwa, na mabibi ambao barabarani hutembea wakitazama vidole vyao vya miguu wanapocheza mpaka mkeka unakunjamana. Wananiruhusu kuwapiga kwa sababu nimewaapia kwamba hakuna jicho la mwanamume litakalotua kwenye skrini yangu. Siku nikivunja kiapo hicho, nitafunga kazi nikachome vitumbua, na vitumbua vyangu havina soko.

Basi ndani ya kompyuta hiyo ilikuwemo harusi ya Nasrin.

Nasrin ni binti wa marehemu Bi Fátima, rafiki yangu tangu tukiwa wadogo. Wazee wetu wote wawili walivuka Rovuma na biashara ya vitenge, wakaoa, wakasahau kurudi. Niliipiga harusi ile mwanzo mpaka mwisho, nikaihamishia kwenye kompyuta, nikazifuta kadi zangu mbili za kamera nikaenda kupigia harusi nyingine. Ndivyo ninavyofanya siku zote, kadi zenyewe ni hizo hizo mbili. Nilikuwa sijakata wala kupanga kitu bado, ndipo Bi Fátima akaugua ghafla akiwa Olumbi kwa dada yake, na hakuinuka tena.

Nilikwenda Olumbi kumlilia. Ilikuwa masika, na huku kwetu wakati wa masika hakuna anayefunga safari bila kung'oa nyaya zote ukutani, maana radi ikipiga haichagui friji wala televisheni. Nikang'oa kila kitu, nikaifunika kompyuta kwa kanga, nikafunga mlango. Nilikaa kule mpaka arubaini ikaisha.

Niliporudi, Nasrin alikuja asubuhi na mapema akiwa na flashi mkononi. Mume wake, Twalha, yuko Mtwara na duka lake, na gari la kumpeleka Nasrin kivukoni lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri.

"Ma'mdogo, niwekee harusi yangu humu," aliniambia. "Hata kama hujaikata. Naitaka hivyo hivyo."

"Una haraka gani? Nitaimaliza vizuri nikutumie."

Alikaa kwenye kitanda changu, akaizungusha ile flashi vidoleni.

"Sina picha ya mama. Hata moja. Zile za nyumbani ziliungua na nyumba tulipokimbia vita. Na kwenye simu, unajua mwenyewe, ukimwelekezea simu anajifunika uso na upawa. Sauti yake nimeanza kuisahau, ma'mdogo. Jana nimejaribu kuikumbuka nikaikosa."

Nikachomeka nyaya, nikawasha.

Yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza juu ya weusi, kitu kuhusu saa, yakisema nibonyeze F1 niendelee au F2 niingie kwenye mipangilio. Nikabonyeza F1, kama mtu anayempita muuza karanga. Ikaja nembo ya Windows, vidoti vikazunguka chini yake, nikavuta pumzi. Halafu skrini yote ikawa buluu, na uso wa huzuni uliochorwa kwa alama za kuandikia, na chini yake maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Ikajizima, ikajiwasha, ikarudia yale yale. Mara ya tatu ikaacha buluu ikaniletea ukurasa wa vitufe, na kimoja kilisema kitairudisha kompyuta kama mpya.

Nikampigia Sérgio, fundi wa sokoni. Nikamsomea yale maneno herufi kwa herufi. Hakuchukua hata muda wa kukohoa.

"Disco, hiyo diski ya ndani, limekufa, mama. Bonyeza hicho kitufe cha kurudisha, chagua kufuta vyote, itawaka. Ikikataa, niletee niformati."

"Na vilivyomo ndani?"

"Mama, nimekwambia disco limekufa."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kipanya. Nasrin alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi yake. Kilichonizuia si akili, ni hasira. Sérgio ananiambia limekufa kama muuza samaki anavyomwambia mtu kwamba dagaa wamekwisha. Nikaona afadhali niulize mtu mwingine kabla sijamzika Fátima mara ya pili.

Mtu mwingine alikuwa Teodoro. Huyu ni fundi wa informática, yaani wa kompyuta, wa serikali ya wilaya, ametoka Inhambane, kusini mwa nchi, na ni mpole mpaka anaudhi. Kiswahili chake amekiokota sokoni na kukiunga kwa Kireno, na kila mwanamke kwake ni mana, dada. Alifika saa ya mapumziko ya mchana, shati limechomekewa vizuri, akapiga hodi akasubiri uani mpaka nilipomkaribisha.

"Com licença, mana Mwanaasha. Computador iko wapi?"

"Iko ndani, nyuma ya pazia. Na wewe utakaa huku, mbele ya pazia."

Akalitazama pazia. Akanitazama mimi.

"Nitatengeneza vipi kitu ambacho sikioni?"

"Utauliza, nitajibu. Utasema, nitafanya."

"Mana, skrini ya buluu haina mwanamke hata mmoja."

"Sasa hivi haina. Ikiamka je? Itaamka na picha ya bibi harusi kichwa wazi, imeenea skrini nzima. Hapo nitakuziba macho kwa nini, kwa sufuria?"

Nilitegemea acheke au aondoke. Alivuta kigoda, akakaa akiwa ameligeuzia pazia mgongo, ingawa hilo la mgongo sikumwomba.

"Está bem. Kuna njia nyingine," alisema. "Natoa disco, nakwenda nalo ofisini, nalichomeka kwenye computador yangu. Kama ni zima, nakunakilia vyote."

"Ofisini kwenu mko wangapi?"

"Wanaume watano na Dona Dalva, ila Dona Dalva yuko likizo."

"Basi hapana."

Nasrin akanishika mkono. "Ma'mdogo, kama ndiyo njia pekee..." Uso wake ulikuwa umepauka, na nilijua angekubali. Kwa ajili ya mama yake angekubali chochote. Lakini kwenye video ile hakuwa peke yake, walikuwa wanawake wote wa mtaa, na wengine waume zao wangeweza kuwarudisha kwao kwa ule wimbo mmoja tu walioimba. Nilisimama katikati ya hao wote na mtoto huyu mmoja, na kwa kweli nililia kidogo, nikijifanya napangusa vumbi.

"Tujaribu hapa kwanza," Teodoro alisema nyuma ya pazia. Nadhani alisikia. "Niambie, mana. Kabla ya ile buluu, nembo ya Windows inatokea?"

"Inatokea. Na vidoti vinazunguka."

"Vinazunguka muda gani?"

"Muda wa kusema bismillahi, na zaidi."

"Basi disco halijafa." Alisema polepole, kama anajisemea. "Windows inaishi kwenye disco. Lingekufa, nembo ingetoka wapi? Mashine inalisoma mwanzoni, halafu njiani inapotezana nalo. Na kabla ya nembo?"

"Kabla ya nembo hakuna kitu."

"Hakuna kabisa?"

"Kuna maneno tu kuhusu saa. Nayapita."

Kigoda kikalia. "Maneno gani kuhusu saa?"

Nikaizima na kuiwasha tena, safari hii sikubonyeza kitu, nikamsomea. Ilikuwa inasema saa haijawekwa. Teodoro akaniambia nibonyeze F2, nitafute tarehe. Nikaikuta. Kwa mujibu wa kompyuta yangu, tulikuwa mwezi wa Januari wa mwaka ambao Nasrin alikuwa bado anakwenda shule kwa sare.

"Mana, ulipokwenda msibani uliing'oa ukutani?"

"Nani asiyeng'oa masika?"

"Kila mtu anang'oa, mimi pia nang'oa." Nikamsikia anatabasamu. "Ndani ya hiyo mashine, kwenye ubao unaobeba vifaa vyote, kuna kibetri cha duara kama cha saa. Kazi yake ni kukumbuka saa na mipangilio wakati umeme haupo. Chako kimechoka. Umeme ukikatika saa moja mbili, kinajikaza. Lakini siku zote hizo ulizokaa Olumbi, kimeisha kabisa, na ubao ukasahau kila kitu. Umerudi kwenye mipangilio ya kiwandani."

"Na harusi ya watu imesahauliwa pia?"

"Hapana, hapana. Ubao ndio umesahau. Disco halijasahau kitu."

Nasrin alishusha pumzi mpaka pazia likatikisika.

Akaniambia nitafute upande wa kushoto orodha ya mipangilio ya mfumo, halafu mahali palipoandikwa SATA Operation. Nilichukua muda, maana Kiingereza changu ni cha kusoma maboksi. Nilipopaona nikamsomea yaliyomo: kuna Disabled, kuna AHCI, kuna RAID On, na kitone kiko kwenye RAID On.

Kisha akauliza kama ndani mna disco moja au mawili. Moja, nikamwambia, nimefungua mwenyewe kufuta vumbi. Na aliyeniuzia Mtwara aliwahi kuniambia kitu? Nikakumbuka kwamba alijisifu kuwa ameiwekea Windows upya, na kwamba amebadilisha kitu kwenye mipangilio ili iwe nyepesi, na kwamba nisiguse huko.

"É isso," Teodoro alisema. "Ni hicho. Hizo ni namna mbili za ubao kuzungumza na disco. RAID ni ya kuunganisha madisco kadhaa yawe kama moja, lakini viwanda vingine huiweka hata pale disco lilipo moja. Yule wa Mtwara aliweka AHCI, halafu ndipo akaingiza Windows. Kwa hiyo Windows yako inapoanza, inabeba kiendeshi cha AHCI peke yake, yaani ufunguo wa mlango huo mmoja. Sasa ubao umerudi kwenye RAID. Windows inaanza vizuri, inafika mahali pa kulishika disco yenyewe, inatoa ufunguo wake, ufunguo hauingii. Ndiyo ile buluu."

"Kwa hiyo nibadilishe kitone?"

"Badilisha. Itakuonya kwamba Windows inaweza kukataa kuwaka. Kubali."

"Na ikifuta?"

"Haifuti. Ungekuwa na madisco mawili yaliyounganishwa ningeogopa hata mimi. Kwa moja, ni kama kubadilisha lugha tu. Nikiwa nimekosea, unarudisha kitone mahali pake na hakuna kilichoharibika. Lakini kile kitufe cha kurudisha kama mpya, mana, kile ndicho kingefuta."

Nasrin akanitazama. Jina la Sérgio lilipita baina yetu na halikupita salama.

Nikaweka kitone kwenye AHCI. Nikaonywa, nikakubali. Nikaweka na tarehe ya leo, nikahifadhi, nikatoka. Ikajizima, ikajiwasha. Ikaja nembo, na vidoti, na chini ya vidoti maneno kwamba inaandaa matengenezo, kisha ule ukurasa wa vitufe ukarudi palepale.

"Imerudi!" Nasrin alilia. "Imerudi ile ile!"

"Ukurasa upi, wa buluu yenye uso au wa vitufe?" Teodoro hakupandisha sauti.

"Wa vitufe," nilimjibu.

"Huo umebaki kutoka asubuhi, dada. Imeanguka mara nyingi, sasa inadhani bado inaumwa. Kuna kitufe cha Continue. Bonyeza hicho. Hicho tu, mana."

Nikabonyeza hicho tu. Nembo. Vidoti. Mimi macho nimefumba, ndimi niliyekuwa nikijitapa kwamba siogopi kitu ila gharama za mkaa. Nilichosikia kwanza ni Nasrin kuvuta pumzi. Nikafumbua, na skrini nzima ilikuwa ile picha ninayoiweka mbele siku zote, bibi harusi mmoja wa Pundanhar, nywele wazi, hina mpaka kwenye viwiko, anacheka.

"Imeamka," nilisema.

Nilisikia kigoda kikisogezwa. Nilipochungulia, Teodoro alikuwa ameshatoka hadi uani, amekaa kwenye ukingo wa baraza, uso kaelekeza kwenye ukuta wa jirani. Pazia lilikuwa linatosha kabisa. Nilimpenda wakati ule, na ninasema nilimpenda kama mtu anavyompenda mtoto wa mwenzake aliyelelewa vizuri.

"Msiing'oe ukutani!" alipaza sauti kutoka huko. "Nakilini kwanza. Kesho nitaleta kibetri kipya. Ukishakiweka utarudisha kitone tena AHCI, maana itasahau tena. Umeshajua pa kukiweka."

Nikalifungua faili la harusi. Nasrin akavuta kiti karibu mpaka magoti yetu yakagusana, na ile flashi nikaichomeka, nikaanza kunakili huku tukitazama.

Nitasema ukweli kuhusu video ile. Bi Fátima ni kama hayumo. Mimi nilimpiga bibi harusi, nikawapiga wachezaji, nikawapiga mashangazi wakitunza, na mama wa bibi harusi alikuwa jikoni saa zote, kama walivyo mama wote wa mabibi harusi. Alipita nyuma mara moja na sinia, mgongo tu. Alipita tena, kiwiko. Nilikuwa nikisogeza mbele, nikisogeza mbele, na kila nilipogeuka nilimwona Nasrin anazidi kuinama kuelekea skrini, kana kwamba angeweza kumgeuza mama yake kwa macho. Nilijiona mtu mbaya kabisa. Miaka yangu yote nimejifunza kumfuata aliyependeza.

Halafu tukafika kwenye vipande ambavyo huwa navikata. Kuna wakati huwa nachoka, naiweka kamera mezani ikiendelea kurekodi, nakwenda kunywa maji. Picha ilikuwa ya kapu la mikate na nusu ya mlango wa jikoni. Hakuna mtu. Kisha Bi Fátima akaja akasimama mlangoni, jasho usoni, kanga kiunoni, upawa mkononi. Hakujua kwamba kamera inamwona. Alisimama tu akitazama upande ambako binti yake alikuwa akichezwa, na uso wake ukawa kitu ambacho sitaweza kukieleza, na sijui kama nitakiona tena kwa mtu yeyote.

Nasrin aliweka kiganja kwenye skrini.

Pale mlangoni Bi Fátima akajipangusa macho kwa ncha ya kanga, akageukia uani, akajaza kifua. Laiti mngelijua koo lile. Nilikuwa nimeweka sauti juu kabisa, ili tusipoteze hata pumzi.

"Na nyie mliokaa huko nje! Mnangoja niwabebe? Njooni mle, chakula kinapoa!"

Na kutoka uani, mtoto wa watu wa Inhambane, amekaa na uso wake ukutani, akaitika kwa heshima zote:

"Obrigado, mamã! Nimeshiba!"

Tukaganda, mimi na Nasrin. Kwenye skrini Bi Fátima alikuwa bado amesimama, mkono mmoja kiunoni, akingoja kama alivyokuwa akingoja siku zote, maana kwake hakuna aliyewahi kushiba.

Nikadhani Nasrin atavunjika. Akacheka. Alicheka huku machozi yanamwagika mpaka kidevuni, akainuka, akajifunga shungi lake vizuri, akaenda jikoni kwangu. Nilisikia mfuniko wa sufuria. Akapakua wali wa nazi na samaki mzima kwenye sahani, akapita mbele yangu bila kunitazama, akatoka uani, akaiweka sahani kwenye baraza, kando ya goti la Teodoro.

"Kaka, ule," alimwambia. "Mama hakubali jibu hilo."